Nani Kawaambia Nodi ya Kusini ni Takataka?

Imezuka tena ile picha ya unajimu. Mhimili wa nodi, upande mmoja giza, upande mwingine mwanga, na chini yake agizo moja: achana na nodi ya kusini, kimbilia kaskazini. Watu wamejazana wakiapa kwamba kuanzia kesho wao si Kaa tena, si Nge tena. Kana kwamba nyota ni shati, unavua hili unavaa lile.

Wanaosambaza mambo haya wanajua istilahi zote, ndiyo maana inaudhi. Wanajua kwamba nodi mbili hutazamana nyuzi 180 bila kukosa, kwamba ni pale njia ya mwezi inapoikata njia ya jua, na kwamba huwezi kuisogeza moja nyingine isisogee. Halafu wanatushauri tukate upande mmoja. Ukimuuliza mtu huyo chati, yaani ramani ya anga ya saa uliyozaliwa, imesema wapi kwamba kusini kufutwe, hana jibu.

Kusini ni kile unachokifanya vizuri bila hata kufikiri, kaskazini ni kule unakodaiwa kukua. Ubaya wake si kwamba ni kibaya. Ubaya wake ni kwamba unakitumia kujibu kila swali, hata lisilokihusu. Hapo ndipo ustadi unapogeuka mazoea. Mtu anayeelewa hilo hashughuliki na kufuta kitu, anashughulika na kukipeleka kwenye kazi nyingine.

Tuipasue chati moja ili tusibaki hewani. Mtu kazaliwa tarehe 10 Juni 1993, adhuhuri, mahali karibu na ikweta. Nodi ya kaskazini iko karibu nyuzi 12 za Mshale, kwa hiyo ya kusini iko karibu nyuzi 12 za Mapacha. Siku sita kabla, tarehe 4 Juni, mwezi ulikuwa umepatwa wote, na haishangazi, kwa sababu kupatwa hutokea jua na mwezi wanapokuwa jirani na nodi. Sasa tazama jua lake. Liko kati ya nyuzi 19 na 20 za Mapacha, nyuzi nane hivi tu kutoka nodi ya kusini.

Haya, mwambieni huyu "achana na Mapacha". Mmemwambia aachane na jua lake mwenyewe. Udadisi wake, ulimi wake, namna anavyosoma watu na habari, vyote viko upande mnaotaka autupe. Nimeona tafsiri za chati za aina hii ambazo ukurasa wa kwanza unamsifu mtu kwa jua lake na ukurasa wa tatu unamwamuru alikimbie, na aliyeandika wala hakugundua kwamba ni mahali palepale.

Mazoea yenyewe ukiyaangalia kwa karibu yako hivi. Kwenye kikao wanamuuliza, "Wewe unaonaje?" Anaanza: kuna wanaosema hivi, kuna wanaosema vile, jana nimesoma maoni mengine tofauti, na tusisahau upande wa tatu. Dakika tano zimepita, kila mtu anatikisa kichwa kwa kuridhika, na hajasema anaonaje. Hiyo ndiyo nodi ya kusini ya Mapacha ikifanya kazi. Utaitambua kwa mambo mawili: imemjia kwa wepesi, tena amesifiwa, lakini jambo liko palepale lilipokuwa.

Kaskazini ya Mshale inamdai sentensi moja tu: "Mimi naona tufanye hivi, kwa sababu hii." Asimame nayo hata ikipingwa.

Hapa ndipo agizo la kukimbia linapoharibu watu. Huyu bwana akiisoma ile picha, ataacha kuuliza. Ataacha kukusanya. Ataanza kuhubiri. Mshale bila Mapacha ni mtu mwenye msimamo mkubwa na taarifa ndogo, anayeahidi asiyoyapima na kukasirika anapoulizwa chanzo. Baada ya muda anaumbuka, kwa sababu msimamo wake hauna kitu chini. Akishaumbuka anarudi kusini mbio, safari hii kwa hofu, na anajiambia kwamba "kaskazini si kwa ajili yangu". Kumbe hakufika kaskazini hata siku moja. Alifika kwenye kikaragosi chake.

Njia sahihi ni ndefu kidogo na haiingii kwenye picha ya mstari mmoja. Akusanye kama anavyojua, kwa ustadi wake wote wa Mapacha, lakini ajiwekee mahali pa kukomea. Halafu, kabla hajatafuta maoni mengine, aandike hitimisho lake kwa maneno yake. Kusini inaleta malighafi, kaskazini inatoa hukumu. Akiruka hatua ya kwanza anakuwa mhubiri, akiikwepa ya pili anabaki mbeba habari.

Atajuaje kaskazini yake afanyie wapi? Hapo inabidi uache nyota na uende kwenye nyumba, yaani sehemu kumi na mbili za maisha kwenye chati, na watawala, yaani sayari zinazomiliki nyota, kazi ambayo wachora picha wameikwepa kwa sababu inahitaji saa ya kuzaliwa. Nodi hukaa kwenye nyota moja kwa mwaka mmoja na nusu hivi. Yaani darasa zima la shule lina nodi ya kaskazini kwenye nyota ileile, au mbili zinazopakana. Ukimsomea mtu nyota ya nodi peke yake, umelisomea darasa.

Adhuhuri ile ya Juni, Mashuke ndiyo iliyokuwa ikichomoza mashariki. Kwa hesabu ya nyota moja nyumba moja, Mashuke ni ya kwanza, Mshale inaangukia ya nne, Mapacha ya kumi. Basi mazoea yake yanaishi kazini, kwenye cheo na jina, na kukua kwake kunamwita nyumbani, kwenye mizizi, kwenye mambo anayoyaamini pasipo na mtazamaji. Mtu huyu anaweza kuzungumza mbele ya umati bila jasho, lakini ndugu zake wakimuuliza anaamini nini, anabadilisha mada. Angezaliwa mapema kwa muda wa saa mbili, ingekuwa inachomoza Simba, mhimili ukahamia nyumba ya tano na ya kumi na moja. Hapo mazoea yangekuwa ni kujificha ndani ya kundi la marafiki, na kaskazini ingemdai atoe kazi yake mwenyewe, yenye jina lake. Tarehe ileile, nyota zilezile, maisha mawili.

Kisha watawala. Mapacha inatawaliwa na Utaridi, na siku ile Utaridi alikuwa Kaa, nyumba ya kumi na moja. Kumbe udadisi wake si wa baridi. Anauliza watu anaowajali, anakumbuka walichosema miaka mingi nyuma, na anaogopa kutoa msimamo kwa sababu hataki mmoja wao aumie. Hilo ukilijua, kigugumizi cha kwenye kikao unakielewa vingine kabisa. Mshale inatawaliwa na Mshtarii, aliyekuwa Mizani, nyumba ya pili. Kaskazini yake basi haifunguki kwa kukaa peke yake mlimani akitafakari. Inafunguka akiwa na mtu mmoja mbele yake, kwenye mapatano, na hasa mapatano yanayogusa fedha na thamani ya kazi yake. Kutaja bei yake na kuitetea mbele ya mwenzake ni zoezi la kaskazini kwake kuliko kusoma vitabu kumi vya falsafa. Vitabu kumi, kwake, ni kusini tena.

Tukija kwenye nyakati, mzunguko mzima wa nodi ni miaka 18.6. Nodi zikirudi mahali pake, watu husherehekea. Zikiwa kinyume, karibu na miaka 9, 28 na 46 au 47, utasikia "unarudishwa nyuma". Si kweli. Kwa chati yetu, nodi ya kaskazini ya angani ilifika juu ya kusini yake mwezi Mei 2021, na tarehe 10 Juni 2021, siku aliyotimiza miaka 28, jua lilipatwa likabaki pete ya mwanga, kwenye nyuzi 19 za Mapacha, mahali lilipo jua lake la kuzaliwa. Mnajimu anayeamini kusini ni takataka atasema nini hapo? Kipindi kama hicho ustadi wa zamani ndio unaotafutwa, na swali ni unautumia kwa nani na kwa lengo gani. Zamu ya kurudi kwa nodi inamfikia karibu Agosti 2030.

Mengine kwa kifupi. Angalia programu yako inapiga nodi halisi au ya wastani. Zinaweza kupishana zaidi ya nyuzi moja, na mpakani mwa nyota hilo linabadilisha kila kitu: nodi ya wastani ilitoka Punda kuingia Samaki tarehe 29 Januari 2025, wakati ile halisi ilikuwa imeshavuka mapema mwezi uleule. Pia usichanganye mifumo. Kwa hesabu ya Kihindi chati yetu inarudi nyuma nyuzi 24 hivi na nodi ya kaskazini inatua Nge, na huko nodi hiyo, iitwayo Rahu, ni njaa isiyoshiba kabla ya kuwa njia ya kukua. Ukichukua nyota kutoka huku na maelezo kutoka kule, umejitungia chati isiyokuwepo.

Na wale wanaosema nodi si sayari, ni makutano ya mistari tu, na kwamba hakuna utafiti uliothibitisha kuwa yanaunda tabia ya mtu, sawa, nawapa hilo, ingawa shingo upande. Tena nitawaongezea silaha: msomee mtu maelezo ya nodi iliyo kinyume na yake bila kumwambia. Akikubali kila neno, ujue maelezo yenyewe ni mapana mno na hayafai kwa yeyote. Tafsiri nyingi za nyota peke yake huanguka kwenye jaribio hilo. Zinazoshika nyumba na watawala angalau zinasema jambo ambalo mtu anaweza kulikataa.

Kama huna saa ya kuzaliwa, ziache nyumba. Usikisie, wala usiweke saa sita mchana kwa sababu programu imekulazimisha kujaza. Bado una nyota za nodi, watawala wake na nyota walizokaa, na umbali wa jua na sayari nyingine kutoka kila nodi. Anza na huo umbali, maana ukikuta jua lako limekaa juu ya kusini, zile picha zote hazikuhusu.