Talaka ya Bujumbura, matunzo ya Kigoma

Tuchukue mfano wa mwanamke aliyefunga ndoa ya kiserikali Bujumbura, akapewa talaka na mahakama ya huko, pamoja na amri ya kwamba mtalaka wake alipe fedha kila mwezi kwa ajili ya watoto wawili. Mwanamume yuko Ujiji, anauza dagaa na mawese, na kwa miaka mitatu anaishi na mwanamke mwingine. Mama anavuka mpaka Manyovu akiwa na nakala ya hukumu. Je, karatasi hiyo ina nguvu gani Kigoma?

Kuhusu talaka, ina nguvu kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 91 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaitambua hukumu ya mahakama ya nje yenye mamlaka, iwapo mmoja wa wanandoa alikuwa na makazi ya kudumu katika nchi ile, au aliishi humo kwa angalau miaka miwili kabla ya shauri kufunguliwa. Mama wa mfano wetu hakuwahi kuhama Burundi, kwa hiyo ndoa yake imekwisha hata kwa macho ya sheria ya Tanzania. Hilo linamgusa pia yule mwanamke wa Ujiji. Ndoa ya kwanza ilikuwa ya mke mmoja, na kama ingekuwa bado hai, mume asingeweza kumwoa, wala dhana ya ndoa ya kifungu cha 160, inayotokana na kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, isingemsaidia sana.

Talaka iliyotolewa na wazee wa ukoo upande wa Kongo hupita njia nyembamba zaidi. Kifungu cha 92 kinataka iwe halali kwa sheria ya makazi ya kudumu ya kila mmoja wa wanandoa, na kisha mahakama yenye mamlaka itamke hivyo. Barua yenye sahihi za wajomba, peke yake, haitoshi.

Ugumu wenyewe uko kwenye fedha. Wapo wanaosema kwamba, kwa kuwa kifungu cha 91 kinaitambua hukumu kwa madhumuni yote, amri ya matunzo iliyomo ndani yake nayo itekelezwe. Hoja hiyo ina mvuto, lakini kutambua na kutekeleza ni mambo mawili. Sheria ya kutekeleza hukumu za nje kwa makubaliano, Sura ya 8, inafanya kazi kwa nchi zilizotajwa, kama Zambia na Uingereza. Burundi na Kongo hazimo. Akijaribu kuidai kama deni la kawaida, atakabiliwa na pingamizi kwamba amri ya matunzo si ya mwisho, kwa sababu mahakama iliyoitoa inaweza kuipunguza au kuiongeza wakati wowote.

Je, majirani hao wawili waongezwe kwenye orodha? Wanaounga mkono wanaonyesha jambo la wazi: mama analazimika kuthibitisha upya kilichokwisha kuthibitishwa, huku malimbikizo ya miezi iliyopita yakielea bila mdaiwa kuguswa. Wanaosita nao wana lao. Amri nyingi za aina hii hutolewa mdaiwa akiwa hayupo, pengine bila kupata wito, na kiwango kilichopangwa kwa faranga na maisha ya Bujumbura hakisemi lolote kuhusu kipato cha Ujiji. Mimi naona hoja ya wito ndiyo nzito, ila inatibika: mdaiwa apewe nafasi ya kupinga kabla ya utekelezaji. Haitoshi kuwa sababu ya kufunga mlango kabisa.

Kwa sasa, njia inayopitika ni kufungua ombi jipya katika Mahakama ya Mtoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, hukumu ya Bujumbura ikiwasilishwa kama ushahidi, ikiwa imethibitishwa na kutafsiriwa. Ubalozi mdogo wa Burundi upo Kigoma mjini, na ni pahala pa kuanzia kuulizia uthibitisho huo. Mahakama itapima kipato cha wazazi wote wawili, watoto wengine wanaomtegemea baba, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa kuleta hukumu bila ushahidi wowote wa kipato. Leseni ya biashara, risiti za mwalo, au shahidi anayejua mitumbwi ni ya nani, vitamsaidia mama kuliko kurasa kumi za Kifaransa.

Tatizo hili lina upande wa pili. Baba akihamia Uvira, upande wa Kongo, baada ya amri kutolewa Kigoma, amri hiyo nayo itakosa mkataba wa kuivusha ziwa. Kwa hiyo dalili za kuondoka zikionekana, mathalani akianza kuuza mitumbwi, wakili aombe mali izuiwe kabla ya hukumu, maana ikishauzwa, amri itabaki bila cha kukamata.