“Masomo Yote, Kila Siku, Bei Maelewano”

Miezi michache iliyopita niliandika hivi kwenye kundi la wazazi la mtaani kwetu Tabata: “Natafuta mwalimu wa tuisheni wa nyumbani, mtoto Darasa la Nne, masomo yote, kila siku, bei maelewano.” Jioni ile ile simu ilijaa majibu. Nikamchukua kijana mmoja mpole kwa laki moja kwa mwezi. Baada ya miezi miwili madaftari ya binti yangu yalikuwa yamejaa alama za vema, ila kwenye mtihani wa shule Hisabati ilikuwa pale pale.

Simlaumu yule kijana, maana alifanya nilichoandika. Masomo sita kwa saa moja na nusu kila siku hayafundishiki, kwa hiyo alibaki kumsaidia mtoto kumaliza kazi za shule. Na ile laki moja, ukiigawa kwa siku 20, ni shilingi 5,000 kwa siku. Alikuwa anapanda daladala mbili kuja na mbili kurudi, kwa hiyo karibu nusu ilikuwa inaishia kwenye nauli. Alipoanza kukosa Alhamisi, kisha na Ijumaa, sikushangaa.

Kabla ya kuandika tangazo la pili nilikaa na daftari la mtoto. Nikakuta hesabu hii: 502 − 178, naye kaandika 476. Nikamwambia anisomee alivyofanya. “Tano toa moja, nne. Sifuri toa saba haiwezekani, kwa hiyo saba toa sifuri, saba. Mbili toa nane haiwezekani, kwa hiyo nane toa mbili, sita.” Jibu ni 324. Hakuwa mvivu wala mzito. Alikuwa na kanuni yake, na kila kukopa kulipohitajika aliigeuza namba juu chini. Hilo ni tatizo la Darasa la Pili au la Tatu, na mwalimu anayefuata mada za Darasa la Nne angelipita bila kuliona.

Ndipo nikaandika hivi:

“Natafuta mwalimu wa kumfundisha nyumbani mtoto wa kike wa Darasa la Nne, shule ya Kiswahili, Tabata. Hisabati: kutoa kwa kukopa na kugawanya bado havijakaa. Kiingereza: anasoma maneno lakini haelewi sentensi. Jumatatu na Jumatano saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili jioni, Hisabati. Jumamosi saa tatu hadi nne na nusu asubuhi, Kiingereza. Shilingi 10,000 kwa kipindi, nauli ikiwa ndani, nalipa kila baada ya wiki mbili kwa vipindi vilivyofundishwa. Kipindi cha kwanza ni cha majaribio, nacho kinalipwa. Kusoma ni sebuleni, mtu mzima akiwepo.”

Jina la mtoto, la shule na namba ya nyumba sikuyaweka. Mtu asiyemfahamu mtoto hana haja ya kujua anarudi saa ngapi na anapitia wapi.

Waliojibu walikuwa wanne tu, na nilifurahi. Vipindi 12 kwa mwezi ni 120,000, elfu ishirini zaidi ya nilizokuwa nalipa mwanzo, kwa siku chache zaidi. Wapo wazazi walioniambia nimepandisha bei ya mtaa. Mimi naona mwalimu anayelipwa 10,000 anaweza kuja akiwa amejiandaa, na asipofika hatuna cha kugombana: kipindi hakijaandikwa kwenye daftari la mahudhurio, hakilipwi. Sayansi na masomo mengine yaliyobaki namsomesha mwenyewe usiku, kwa kuwa yako kwa Kiswahili na nayaelewa. Hata upimaji wa kitaifa wa Darasa la Nne ukikaribia, sitarudi kwenye “masomo yote”.

Kipindi cha majaribio ndicho kilichonichagulia mwalimu. Wa kwanza alifungua kitabu ukurasa wa shule ulipofikia akaanza kueleza. Wa pili, mama wa makamo, aliomba daftari la zamani, akalipekua kimya, kisha akamwandikia 43 − 18 na kumpa vijiti vya kiberiti vilivyofungwa kumikumi. Binti yangu akafungua fungu moja, akahesabu, akabakiwa na mafungu mawili na vijiti vitano. Akatuangalia kama tumemficha kitu siku zote.

“Mama,” mwalimu aliniambia wakati namsindikiza kituoni, “mtoto anaogopa sifuri iliyo katikati. Nipe wiki tatu za kutoa tu, kugawanya kusubiri.”

Nikamkubalia. Wiki ya tatu nilimpa tena 502 − 178. Alichora mafungu pembeni, akafuta mara moja, akaandika 324.