Printa Naiona kwa Macho, Simu Inasema Haipo

Printa ya ofisini kwetu imewekwa chini ya kiyoyozi. Sisi tunaolipwa mshahara tunajipepea kwa mafaili, yenyewe inapulizwa. Siku ilipoletwa tuliambiwa nyaya zimekwisha, ni kazi ya waifai tu, hata ukiwa na simu unatuma. Tukapiga makofi. Nami nilipiga, tena kwa nguvu.

Sasa kijana wangu kachaguliwa kidato cha kwanza, bweni. Shule imetuma fomu za kujiunga kwa Wasap, mafaili mawili ya PDF. La kwanza ni fomu ya mzazi kusaini, la pili lina fomu ya daktari na orodha ya mahitaji ndefu kama mahari ya binti wa chifu. Yanatakiwa yakiwa yamechapwa. Nikasema, kuna shida gani? Ofisini kuna printa ya waifai.

Nikasimama mbele yake, nikafungua faili, nikagusa vidoti vitatu, nikabonyeza `Print`. Simu ikatafuta. Ikatafuta weee! Kisha ikaniletea jibu moja: `Save as PDF`. Yaani nina PDF, naomba karatasi, naye ananiuliza kama nataka PDF. Printa nimeiegemea kiwiko! Taa yake ya kijani inaniangalia. Simu inasema hakuna kitu hapa.

Nikamwita kijana wetu wa TEHAMA. Akaja na masikio yamezibwa na vidude vyake vya muziki.

"Shikamoo mzee. Uko waifai gani?"

"Marahaba. Ya hapa hapa."

"Ya hapa ziko mbili, mzee. Wewe uko ya wageni."

Miaka yote hii naingia jengo hili alfajiri kabla ya mlinzi kumaliza chai yake, kumbe kimtandao mimi ni mgeni. Akanieleza kwamba simu haina kitabu cha anwani za printa. Inachofanya ni kupiga kelele kwenye mtandao ilimo: jamani, kuna printa humu? Printa iliyomo mtandao uleule inaitika kwa jina lake, ndipo unaiona kwenye orodha. Kelele hizo kwa kawaida hazivuki kwenda mtandao mwingine. Printa iko waifai ya wafanyakazi, simu yangu inaita kwa wageni. Isitoshe, waifai ya wageni huwa imewekwa makusudi vifaa visionane, mgeni asije akachungulia mafaili ya kampuni. Kwa hiyo hata nikiibeba printa mgongoni, bado hatuonani.

"Basi niingize ya wafanyakazi."

"Simu binafsi haziruhusiwi, mzee. Mpaka fomu isainiwe."

"Naichapia wapi hiyo fomu?"

Hilo hakulijibu. Akaniambia ipo njia ya uchochoroni: printa nyingi zina waifai yake yenyewe, jina lake linaanza na `DIRECT-`, halafu herufi zinazofuata kama namba ya chasisi. Ukiungana nayo, unaongea na printa moja kwa moja bila kupitia mtandao wa ofisi. Nywila iko kwenye kioo cha printa, upande wa mipangilio ya mtandao. Nikaiingiza. Ikaunga!

Kabla sijatabasamu, simu ikaanza umbea: mtandao huu hauna intaneti. Sawa, hauna, ni printa ile, intaneti ya nini? Lakini simu za siku hizi hazisikilizi. Ikaniacha na kurudi kwenye bando kimyakimya, printa ikapotea tena kwenye orodha. Kijana akasema, zima data. Nikazima. Nikarudi Wasap kufungua faili, faili la pili halifunguki, kwa sababu fomu ya daktari ilitumwa kivyake na nilikuwa sijaipakua. Kupakua kunataka intaneti. Intaneti nimeizima ili nione printa. Nikawasha data, nikapakua, nikazima data, nikaunga upya. Simu ikauliza kama nabaki kwenye mtandao usio na intaneti. Nikajibu ndiyo kwa sauti, mpaka dada wa mapokezi akageuka.

Safari hii jina la printa likatokea. Nikabonyeza. Printa ikanguruma, ikajitikisa, ikameza pumzi, ikanyamaza. Taa ya kijani ikawa ya njano, inapepesa. Nikadhani haijasikia, nikatuma tena. Kimya. Nikaituma na ile fomu ya daktari, labda huyu ataheshimiwa.

Kutoka chumba cha uhasibu ikasikika sauti: "Nani kaifunga printa? Nina vocha hapa zinasubiri sahihi ya bosi!"

Kwenye kioo kumeandikwa iwekewe karatasi ya `Letter`. Trei imejaa karatasi nyeupe pe, rimu imefunguliwa asubuhi. Kijana akacheka kicheko cha mtu ambaye vocha si zake. Akasema `Letter` ni saizi ya Wamarekani, milimita 216 kwa 279. Yetu ni A4, 210 kwa 297. Yao ni pana kidogo na fupi zaidi. Simu yangu ilikuwa imeagiza ya kwao, na printa, kwa utii wake wote, inaisubiri iletwe. Isubiri tu! Niambieni duka moja Kariakoo mliloona linauza rimu ya `Letter`. Ingesubiri mpaka kijana wangu amalize kidato cha sita.

Akabonyeza kufuta kazi. Taa ikatulia kidogo, kisha njano tena: `Letter`. Ile niliyotuma ya pili. Akafuta. `Letter` tena. Ya daktari. Mhasibu kafika na vocha zake mkononi, ananitazama kama nimekula posho ya safari ambayo sikusafiri.

Dawa ni kubadilisha kwenye simu kabla ya kutuma, kwa sababu ukishatuma umeshatuma. Pale unapoiona kurasa ya mfano, juu yake kuna kimshale kidogo mno, kimefichwa kama bei ya nyumba ya kupanga. Ukikivuta ndipo unakuta saizi ya karatasi, rangi, na pande za kuchapa. Nikachagua A4. Nikatuma. Ikatoka! Tena kwa kasi, kurasa za moto kabisa. Mhasibu naye vocha zake zikafuata nyuma, akaondoka bila kuniaga.

Nikakaa nikazipanga. Zikawa chache kuliko nilivyotarajia. Nikageuza moja: kumbe imechapa mbele na nyuma. Kampuni inabana matumizi, kijana akasema, printa imepangwa hivyo, na kile kimshale nilikifunga kabla ya kufika kwenye pande. Sasa fomu ya daktari, ambayo inatakiwa ichanwe na ibaki shuleni na muhuri wa hospitali, nyuma yake ndiyo orodha ya mahitaji. Daktari akipiga muhuri, anapiga juu ya ndoo na godoro. Shule ikichukua cheti, na jembe limekwenda.

Kijana wa TEHAMA ameshazibua masikio, anaisoma ile orodha kwa sauti begani kwangu. Fagio la chelewa. Ndoo yenye mfuniko. Jembe na mpini wake.

"Mzee, na hii hapa umeiona? Rimu moja ya karatasi. Wameandika kabisa kwenye mabano: A4."