Mabano ndani ya seli: fomula ndefu bado ina kazi

"Nina orodha ya wanachama wa kikoba. Kila seli ina jina na namba kwenye mabano, mfano Rehema Salum (M-014). Nataka ile namba tu. Nimeambiwa SEARCH na MID ni mambo ya kizamani. Ni kweli?"

Aliyekwambia hivyo ana hoja. Kwenye Excel ya Microsoft 365 au toleo la 2024, kazi yako inaisha kwa mstari mmoja ambao hata mgeni wa fomula anaweza kuukisia:

```
=TEXTBEFORE(TEXTAFTER(A2,"("),")")
```

Inachukua kilicho baada ya bano la kufungua, kisha katika hicho inachukua kilicho kabla ya bano la kufunga. Hakuna kuhesabu chochote. Ukiiweka kando ya fomula ya zamani, ni rahisi kuelewa kwa nini watu wanaikimbia hii nyingine:

```
=MID(A2,SEARCH("(",A2)+1,SEARCH(")",A2)-SEARCH("(",A2)-1)
```

Ila wengi wanaoikimbia hawajawahi kuisoma taratibu. MID inataka kujua mambo matatu: maandishi yako wapi, ianzie herufi ya ngapi, na ichukue herufi ngapi. Hesabu kwa kidole kwenye "Rehema Salum (M-014)", nafasi tupu nazo uzihesabu. Bano la kufungua ni la 14, la kufunga ni la 20, na SEARCH kazi yake ni kukuletea namba hizo mbili tu. Bano lenyewe hatulitaki, kwa hiyo tunaanzia ya 15; hapo ndipo +1 inapotoka. Ukitoa 14 kwenye 20 unabaki na 6, lakini ya sita ni bano la kufunga, kwa hiyo tunapunguza moja zibaki 5. M-014 ina herufi 5.

Ukikosea, kosa lenyewe linakuonyesha ulipojikwaa. Ukisahau -1 utapata "M-014)", bano limeng'ang'ania mwishoni. Ukisahau +1 utapata "(M-01", bano limeingia mbele na tarakimu ya mwisho imeliwa. (Kwa mabano, FIND ingefanya kazi ileile. SEARCH inasifiwa kwa kutojali herufi kubwa na ndogo, na bano halina kubwa wala dogo.)

Sasa lile ambalo halisemwi vya kutosha. Faili la kikoba halikai kwenye kompyuta moja. Katibu analitengeneza, mhazini analipokea kwa WhatsApp, mkaguzi analifungua siku ya kugawana. TEXTBEFORE na TEXTAFTER hazimo kwenye Excel 2016, 2019 wala 2021. Ungedhani mhazini mwenye toleo la 2016 atakutana na kosa papo hapo, na angalau hapo angekupigia simu. Hapana. Akifungua faili ataona M-014 zote zimekaa sawasawa, kwa sababu Excel inaonyesha jibu la mwisho lililohifadhiwa. Dalili pekee ni kwamba akibofya seli, kwenye upau wa fomula majina ya kazi hizo yametanguliwa na `_xlfn.`, na nani huangalia huko? Siku atakaposahihisha jina la mwanachama mmoja, seli inakokotolewa upya na M-014 inageuka `#NAME?`. Ataapa kwamba yeye ndiye aliyeharibu. Atafuta, ataandika tena, na kila anachogusa kinazidi kuharibika, kumbe kosa lilisafiri na faili tangu mwanzo.

Nimekaa mezani na mhazini wa namna hiyo jioni nzima, tukitafuta kosa lake ambalo halikuwepo. Tangu hapo fomula ndefu siioni tena kama ushamba. Inafunguka kwenye Excel ya zamani na ya sasa, kwenye Google Sheets, na kwenye LibreOffice pia. Huko LibreOffice tumia FIND kama mipangilio ya faili imeruhusu vielezi vya ruwaza, maana hapo bano huchukuliwa kama alama yenye kazi maalumu.

Wapo pia watakaokwambia uache fomula zote mbili, uandike jibu la kwanza kwa mkono kisha ubonyeze Ctrl+E. Hiyo ni Flash Fill, ipo tangu Excel 2013, na ni ya haraka kweli. Lakini haiachi fomula nyuma yake. Ukibadilisha namba kwenye safu ya A, safu ya pili inabaki na ya jana. Na kama namba zenu hazina herufi M, yaani ni (014) tu, ukiandika 014 kwenye seli ya kawaida Excel inaisoma 14. MID inarudisha maandishi, kwa hiyo sifuri yako haipotei.

Hilo la maandishi linakata kuwili. Kama ndani ya mabano mngekuwa mmeweka kiasi cha mchango, tuseme (45000), MID ingekupa kitu kinachofanana na namba lakini SUM ingekiruka, na jumla ya safu nzima ingetoka 0. Dawa ni kuizungushia fomula yote VALUE. Fomula fupi nayo ina tabia hiyohiyo, kwa hiyo hapa hakuna wa kumcheka mwenzake.

Fomula ndefu inashindwa kwa haki mahali pengine. Orodha za WhatsApp huwa na namba za mstari: "1) Rehema Salum (M-014)". Hapo SEARCH inakutana na bano la kufunga la "1)" kwenye herufi ya 2, wakati la kufungua liko kwenye ya 17. Ukitoa 17 na 1 kwenye 2 unapata hasi 16, na MID inakujibu `#VALUE!`. Ile fupi haisumbuki, kwa sababu ilishakata kila kitu kilichotangulia bano la kufungua. Ya zamani inahitaji kuambiwa ianze kutafutia wapi, na SEARCH ina nafasi ya tatu kwa ajili hiyo, ambayo watu wengi huiacha wazi:

```
=MID(A2,SEARCH("(",A2)+1,SEARCH(")",A2,SEARCH("(",A2))-SEARCH("(",A2)-1)
```

Mimi ningeandika hii tangu mwanzo, hata kama orodha ya leo haina "1)". Ya kesho inaweza kuwa nayo.

Bado kuna "Rehema Salum (mama Asha) (M-014)". Hapa zote mbili zitakuletea "mama Asha" bila kulalamika. Mwenye Excel mpya anaponea kwa kuongeza -1 ndani ya TEXTAFTER, itafute bano la mwisho badala ya la kwanza:

```
=TEXTBEFORE(TEXTAFTER(A2,"(",-1),")")
```

Kwa MID njia ipo, lakini ni ndefu kiasi kwamba hata mimi ninayeitetea nisingempa mhazini. Kama majina ya namna hiyo ni mengi, na faili halitatoka kwenye kompyuta yako, andika ile fupi.

Kama ni machache, usiifunike fomula kwa IFERROR yenye jibu tupu, maana utaficha mistari ileile unayotakiwa kuiona. Weka safu ya tatu yenye `=LEN(B2)`, kisha chuja kila kisicho 5. "mama Asha" ina 9 na itajitokeza. Aliyesahau kufunga bano atajitokeza na `#VALUE!`. Hao unawarekebisha kwenye safu ya A, kwa mkono.