Masomo ya Jumamosi: hesabu itangulie fomu ya mzazi

"Naomba kibali cha kufundisha marudio kila Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana, kwa wanafunzi wote 40 wa darasa la mtihani. Wazazi watachangia."

Ombi hili la mwalimu kwa mkuu wa shule lina hoja ya kweli. Katikati ya wiki mwanafunzi anakwama kwenye swali la tatu na kengele imeshalia. Jumamosi anaweza kufanya karatasi nzima ya mtihani, ikasahihishwa palepale, akaona alama zake zilipotelea wapi.

Kinachonitia shaka ni lile neno "watachangia". Posho ya mwalimu na ya mlinzi haipungui wanafunzi wakipungua. Tuseme gharama imegawanywa kwa 40, kila mmoja akapangiwa 100. Wakikubali wazazi 25 tu, fungu linapanda hadi 160. Hapo mwalimu ana njia mbili: kuwaongezea waliokubali, au kuwabana waliokataa. Akichagua ya pili, ridhaa imebaki jina. Ningemshauri mkuu wa shule ageuze utaratibu: mchango upigiwe hesabu kwa idadi ndogo, mfano hao 25, ndipo fomu zitoke. Wakizidi, mchango ushuke. Sijui mzazi atakayelalamikia hilo. Na fedha zipokelewe na mhasibu kwa risiti.

Watetezi husema hakuna anayelazimishwa. Hilo lina kipimo chake: chukua daftari la mtoto asiyehudhuria Jumamosi, ulilinganishe na la mwenzake anayehudhuria. Ukikuta mada nzima imo kwa mmoja na kwa mwingine haimo, hiari haipo tena. Tena mwalimu anayelipwa Jumamosi ana kishawishi cha kuiacha mada ngumu isubiri siku hiyo. Kwa hiyo kibali kiwe na sharti: Jumamosi ni kurudia yaliyokwisha kufundishwa tu, na maswali yake yabandikwe ubaoni Jumatatu kwa wote.

Usimamizi, ombi hili halikuugusa kabisa. Mtoto mmoja akianguka kifafa, mwalimu aliye peke yake amhudumie huyo au abaki na wale 24? Wanahitajika watu wazima wawili, mmoja asiwe anafundisha. Rejista iitwe wakati wa kuingia na wa kutoka, maana mtoto aliyeaga nyumbani asifike shuleni anaweza asijulikane mpaka jioni. Fomu ya mzazi nayo iulize mtoto anarudije nyumbani, nani apigiwe simu, na ana tatizo gani la afya. Iwe pia na nafasi ya kuandika "sikubali". Asiyerudisha fomu asihesabiwe kuwa amekubali.

Mwalimu atasema mtu wa pili anapandisha gharama, na ni kweli. Basi Jumamosi ziwe mbili kwa mwezi badala ya nne. Ombi la namna hiyo ningelitia saini. Hili lililoletwa ningelirudisha likaandikwe upya.