Ushuru wa gunia la mahindi unaishia wapi?

"Ushuru wa mazao tunaolipa getini unajenga nini hasa? Na mbona hatukubaliani kuhusu huo ushuru?"

Ndugu yangu, chukua gunia la mahindi pale sokoni Kibaigwa, Dodoma, tuseme limeuzwa shilingi 70,000. Kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017, mazao ya chakula yanatozwa asilimia 2, yaani shilingi 1,400. Fedha hiyo ni mapato ya ndani ya halmashauri. Sehemu inaingia kwenye miradi kama madarasa na zahanati, sehemu inaendesha ofisi, na asilimia 10 imetengwa kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mshahara wa mwalimu haumo humo, huo unatoka Hazina.

Ugomvi unaanzia kwa anayelipa. Kisheria ni mnunuzi. Lakini mnunuzi si mjinga, anapiga hesabu ya ushuru kabla ya kutaja bei, hivyo mkulima anakatwa kimyakimya bila kushika risiti. Halafu asilimia hiyo inakatwa kwenye bei ya kuuzia, si kwenye faida. Mwaka ambao mvua imekatika mapema na mtu amepata hasara, anakatwa vilevile. Diwani yeye anaona ushuru ukipunguzwa darasa litakosa bati. Wote wana hoja, ingawa mimi niko upande wa mkulima.

Na ukisafirisha mzigo wako usiozidi tani moja, yaani magunia kumi ya kilo mia, kwenda halmashauri nyingine, hutakiwi kutozwa. Getini hawakumbushi hilo.