Karatasi ya mtihani isiyokubali kusomeka

Imepita zaidi ya miaka 20 tangu nimalize kidato cha nne, lakini mtihani bado unanifuata usingizini. Chumba ni kile kile, madirisha ya nondo, dawati lenye namba iliyoandikwa kwa chaki, msimamizi anapita akigawa karatasi. Naigeuza yangu. Swali la kwanza linasema, "Eleza sababu tatu za". Nainua macho nitazame saa ya ukutani, nikiyarudisha nakuta, "Eleza sahani tatu za". Nafuata mstari kwa kidole, herufi zinakimbia kidole kama sisimizi waliomwagiwa maji. Ninajua swali linahusu nini, najua hata jibu lake ninalo, ila hakuna neno linalokubali kutulia. Naamka shuka limelowa jasho.

Nikisimulia ndoto hii hupata majibu ya aina mbili. Shangazi yangu aliniambia, "Mwanangu, hapo kuna mkono wa mtu, kuna anayekufungia njia." Kijana mmoja ninayefanya naye kazi akanituliza kwa kusema amesoma mtandaoni kwamba hakuna binadamu anayeweza kusoma ndotoni, kwa sababu sehemu ya ubongo inayoshika lugha huzimika tukilala. Shangazi namwelewa, ananihofia. Hili la pili ndilo linaloniuma, maana limevaa nguo za sayansi, linasambazwa kila siku, na si kweli.

Fikiria ndoto zako mwenyewe. Unagombana na mtu, unaitwa jina, unasalimiana na marehemu babu naye anakujibu kwa sauti yake ile ile. Ukiamka unaweza kurudia alichosema neno kwa neno. Lugha ingekuwa imezimwa, ndoto zingekuwa za mabubu. Kwa hiyo tatizo la karatasi yangu liko penginepo, na ili kuona liko wapi, inafaa kumtazama kwanza mtu aliyeshindwa kusoma akiwa macho kabisa.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1887, mfanyabiashara mmoja mstaafu wa vitambaa huko Paris aligundua ghafla kwamba hawezi kusoma hata neno moja. Madaktari walimwandika kama Bwana C. Alizungumza vizuri, aliwatambua watu na vitu, na macho yake yaliziona herufi zote. Alipoonyeshwa A alisema inafanana na ubao wa mchoraji wenye miguu, Z akaiona kama nyoka. Aliweza kuandika barua kwa mkono wake, lakini akipewa aisome, hakujua alichokiandika. Tarakimu alizisoma na hesabu alifanya. Herufi moja moja aliweza kuijua kwa kuipitishia kidole, kana kwamba mkono unamnong'oneza. Alipofariki mwaka 1892, daktari Jules Dejerine aliupasua ubongo wake na kukuta kovu la kiharusi upande wa kushoto, nyuma. Zaidi ya miaka 100 baadaye, Laurent Cohen na Stanislas Dehaene walitumia mashine za kupiga picha ubongo unaofanya kazi, wakaonyesha kwamba huko nyuma kushoto, kwa chini, kuna eneo dogo linalowaka kila msomaji anapoona neno lililoandikwa. Hatuzaliwi nalo likijua kusoma. Linafundishwa herufi, kama mkono unavyofundishwa kusuka ukili.

Sasa linganisha. Bwana C. alikuwa na ukurasa uliotulia mbele yake, na msomaji aliyekufa ndani ya kichwa. Mimi kwenye chumba cha mtihani nina msomaji mzima. Kinachokosekana ni ukurasa.

Hapa ndipo watu wengi hupita haraka mno, nami naomba tukae kidogo. Tunaposoma tukiwa macho, tunadhani tunauona ukurasa wote. Hatuuoni. Sehemu ya jicho inayoona kwa ukali wa kutosha kutambua herufi ni ndogo sana, inafunika takriban upana wa dole gumba ukiunyoosha mkono. Kwa hiyo jicho hurukaruka kwenye mstari: linatua kama robo ya sekunde, linameza herufi saba, nane hivi, linaruka tena. Likipotea linarudi nyuma. Katika haya yote, ubongo hauweki nakala ya ukurasa. Hauna haja, kwa kuwa karatasi yenyewe ndiyo inayotunza maandishi. Neno "sababu" linabaki "sababu" kwa sababu wino umekauka pale, si kwa sababu mimi nimelikumbuka. Jicho likirudi, wino unajibu vile vile.

Ndotoni hakuna wino. Nikiinua macho kutazama saa, karatasi haibaki popote ikinisubiri. Nikiyarudisha, ubongo hauna budi kuitunga upya, na unaitunga kwa kubahatisha: mahali fulani palikuwa na neno linaloanza na "sa", lenye silabi tatu, la swali la mtihani. Inatoka "sahani". Mara ya tatu itatoka kingine. Maana ya jumla inabaki kwa kuwa maana ndiyo iliyokuwa mwanzo, ndiyo iliyozaa picha. Ndiyo maana nilijua swali linahusu nini bila kuweza kulisoma. Tukiwa macho, herufi hutangulia na maana hufuata. Ndotoni mwendo umegeuka.

Picha za ubongo uliolala zinaendana na maelezo haya. Mwaka 1998 Allen Braun na wenzake waliwachunguza watu wakiwa katika usingizi wa macho kwenda mbio, ule unaoleta ndoto kali na unaorefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Waliona kwamba lango la kwanza la kuona, linalopokea habari kutoka machoni, limetulia, huku sehemu zinazolifuata, zile zinazojenga picha, zikichapa kazi. Ni jiko linalopika bila chochote kutoka sokoni. Sehemu za mbele za ubongo nazo, ambazo hutusaidia kushika jambo akilini kwa sekunde kadhaa na kushtuka mambo yasipolingana, zilikuwa zimepoa. Katika usingizi huo pia seli zinazomwaga noradrenalini, kemikali inayotuweka makini, huwa karibu kimya kabisa. Basi si tu kwamba neno linabadilika. Yule ambaye angepaswa kulishikilia na kusema "ngoja, hapa paliandikwa kingine" naye amesinzia.

Mimi naona huu ndio ufafanuzi wenye mantiki zaidi tulio nao, na unaeleza pia kwa nini "hakuna anayeweza" ni kauli ya uongo. Mtafiti wa ndoto Ernest Hartmann alichapisha mwaka 2000 majibu ya watu 240 wanaoota mara kwa mara: wengi mno walisema hawaoti wakisoma, kuandika wala kupiga hesabu, au huota hivyo kwa nadra sana. Nadra si kamwe. Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford alikwenda mbali zaidi, akawatumia watu waliojizoeza kutambua wanaota wakiwa ndani ya ndoto. Waliagizwa wasome maandishi, watazame kando, wasome tena. Kwa hesabu yake, maandishi yalibadilika mara 75 kati ya 100 yaliporudiwa mara moja, na mara 95 yaliporudiwa mara mbili. Tazama vizuri hiyo robo ya kwanza. Robo nzima ya nyakati, maneno yalisimama. Na hata pale yalipobadilika, walikuwa wameyasoma mara ya kwanza. Kusoma kulifanyika. Kilichoshindikana ni kuyakuta maneno yale yale.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama anaota asiishie kusoma mara moja akaridhika. Soma, geuza uso kabisa, rudi usome, halafu rudia tena. Maneno yakibadilika, kuna uwezekano mkubwa kwamba unaota. Yasipobadilika, hujathibitisha lolote.

Mama yangu hunipa mfano mwingine ninaoufikiria sana. Anaota anasoma msahafu, na anasema kila aya imekaa mahali pake. Siwezi kuingia kwenye ndoto yake, na kwake jambo hilo lina uzito ambao sitaki kuugusa kwa kalamu hii. Ila najua kwamba sura hizo alizihifadhi chuoni akiwa na miaka saba, kwa ulimi na sikio, kabla hata hajazijua herufi vizuri. Maneno hayo hayategemei wino. Anayo mwenyewe ndani, na nadhani ndiyo maana hayamkimbii. Maswali ya mtihani wangu sikuyahifadhi kamwe, hivyo hakuna kinachoyashika.

Mwaka 2021 kundi la watafiti, akiwamo Karen Konkoly na Ken Paller wa Chuo Kikuu cha Northwestern, lilionyesha kitu ambacho sikudhani ningekiona maishani mwangu. Walimuuliza kijana aliyekuwa usingizini, ndani ya ndoto, nane kutoa sita ni ngapi. Akajibu kwa kupeleka macho kushoto na kulia mara mbili. Swali lilimfikia kwa sauti, likitoka nje, kwa mtu ambaye hakuwa amelala. Lilikuwa na mahali pa kukaa, nje ya ndoto yake.

Wanaoniandikia wakiwa na hofu kwamba ndoto hii ni dalili ya ugonjwa, nawaambia hivi: herufi zinazokimbia usingizini si ugonjwa wa ubongo. Lakini ukiamka, ukachukua simu, ukaona herufi zote wazi na usiweze kusoma ujumbe uliouandika jana, hiyo ni hali ya Bwana C. Usirudi kulala uone kama itapita. Kimbilia hospitali saa hiyo hiyo, waambie muda ulipoanza kuiona, maana kiharusi kinatibika vizuri zaidi ndani ya saa chache za mwanzo.

Juzi niliingia tena kwenye chumba kile. Msimamizi akagawa. Nikasoma, nikainua macho kwenye saa, nikarudi, nikakuta maneno mengine, na safari hii nikajua. Sikukimbizana nayo. Niliiweka karatasi juu ya dawati kifudifudi, nikatazama nje kupitia nondo. Kulikuwa na mwarobaini, na majani yake nayo yalikuwa yakibadilika kila nikipepesa.